Dozi ya pili saa 20:00: jinsi ya kuandika kosa la dawa kwenye faili

Wauguzi na wakunga wenzangu, habari za asubuhi. Leo nitakaa na mfano mmoja tu wa kufundishia, nao ni wa wodi ya wazazi. Mama ana kifafa cha mimba. Amepata dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti saa 15:10, na dozi ya kuendeleza, gramu 5 kwenye msuli wa tako, inatakiwa kila baada ya saa 4. Saa 19:10 muuguzi wa zamu ya jioni anamchoma tako la kulia, kisha anaitwa kwa mama mwingine anayejifungua, na kisanduku cha saa 19:10 kwenye chati kinabaki kitupu. Zamu zinakabidhiana saa 19:30. Muuguzi wa usiku anaona kisanduku kitupu, anapima mgonjwa, anamkuta yuko sawa, na saa 20:00 anamchoma gramu 5 tako la kushoto. Saa 20:25 mgonjwa anamwambia, "Mbona nimechomwa mara mbili, dada?"

Kabla ya kalamu, mgonjwa. Magnesiamu ikizidi mwilini, refleksi ya goti hupotea kwanza, kisha pumzi hupungua, na mwishowe moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo muuguzi anagonga magoti, anahesabu pumzi kwa dakika nzima, anaangalia mfuko wa mkojo na kumwita daktari. Kalsiamu glukoneti, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, inawekwa kando ya kitanda pamoja na mfuko wa kupumulia na barakoa yake. Hapo ndipo anapoandika, wakati saa za matukio bado ziko kichwani.

Tazameni sasa maandishi ambayo wengi wetu tungeyaandika:

"Kwa bahati mbaya mgonjwa alipewa dozi mara mbili kwa sababu zamu iliyopita haikusaini. Hali yake ni nzuri. Daktari amejulishwa."

Sentensi tatu, na daktari atakayefika usiku wa manane hapati hata kimoja cha kumsaidia. Dozi ya kiasi gani? Saa ngapi na saa ngapi? "Nzuri" maana yake pumzi ngapi? "Kwa bahati mbaya" ni utetezi, na "zamu iliyopita haikusaini" ni mashtaka. Neno la hatari kuliko yote hapo ni "alipewa". Kiswahili kinaturuhusu kumficha mtendaji ndani ya kitenzi: alipewa, ilisahaulika, ilichomwa. Msomaji hajui nani alitenda na nani alishuhudia, na asipojua ataanza kukisia.

Haya ndiyo maandishi ninayopendekeza:

"20:30. Nimechoma magnesiamu salfeti gramu 5, tako la kushoto, saa 20:00. Kisanduku cha 19:10 kilikuwa hakijajazwa. Saa 20:25 mgonjwa amesema alichomwa sindano nyingine kabla ya hiyo. Saa 20:28 muuguzi wa zamu ya jioni amethibitisha kwa simu kwamba alichoma gramu 5, tako la kulia, saa 19:10. Jumla: gramu 10 ndani ya dakika 50. Saa 20:30: pumzi 18 kwa dakika, refleksi za magoti zipo pande zote mbili, presha 150/96, mkojo mililita 60 tangu 19:30, anajibu maswali vizuri. Daktari wa zamu amepigiwa simu 20:29."

Hapa muuguzi wa jioni ametajwa kwa sababu taarifa ya dozi ya kwanza imetoka kwake, na njia iliyotumika imeandikwa. Hajalaumiwa wala hajafichwa. Kisanduku kitupu nacho kimetajwa kama kilivyoonekana, bila neno "kwa sababu". Hiyo "kwa sababu" ina mahali pake, tutafika.

Jambo la saa nalisisitiza, maana ni tatizo letu wenyewe. Mgonjwa atasema "saa mbili usiku", daktari atasema "saa nane" akimaanisha 14:00, na mwingine atasoma nambari za saa yake ya mkononi. Kwenye faili tumieni saa 24 peke yake. Ukinukuu maneno ya mgonjwa, weka alama za kunukuu kisha andika saa 24 pembeni.

Vipimo vya 20:30 ni vizuri, lakini havitoshi. Sindano ya msuli huchukua takribani saa nzima kabla ya kufanya kazi vizuri, na nguvu yake huendelea saa 3 hadi 4. Dozi ya pili bado inaingia mwilini wakati mnaandika kwamba mgonjwa yuko salama. Kwa hiyo maandishi yanaendelea. Tuseme daktari amefika 20:45 na kuagiza pumzi na refleksi zipimwe kila dakika 15 kwa saa 2, kisha kila nusu saa, na dozi inayofuata isitolewe hadi amwone tena saa 00:00. Andika agizo lake, halafu kila kipimo kwa saa yake. Andika pia mpaka wa hatari: pumzi chini ya 16, refleksi kupotea, au mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, daktari aitwe mara moja. Atakayekupokea zamu asilazimike kukumbuka.

Mgonjwa ameelezwa nini? Hili huachwa mara nyingi, na linaniuma. Usiandike "ameelimishwa". Andika: "20:50. Daktari amemweleza mgonjwa, mama yake akiwepo, kwamba amepata dozi mbili zilizokaribiana, kwamba atapimwa mara kwa mara usiku huu, na amemwomba radhi. Mgonjwa ameuliza kama mtoto ataathirika. Daktari amesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, 142 kwa dakika, na kumjulisha."

Sasa kile kisanduku kitupu. Muuguzi wa usiku asikijaze. Mwenye dozi atakuja mwenyewe, ataandika "Maandishi yaliyochelewa", tarehe na saa anayoandika, kisha saa aliyochoma, na kusaini. Ukikosea neno, piga mstari mmoja ili lililokatwa lisomeke, kisha saini na tarehe. Wino mweupe na kurasa zilizochanwa huzaa shaka ambayo kosa lenyewe lisingezaa.

Fomu ya taarifa ya tukio ni karatasi nyingine na haikai kwenye faili la mgonjwa. Faili ni la matibabu. Fomu ni ya kujua mfumo ulipasuka wapi. Ile "kwa sababu" mahali pake ni hapa, nayo ibaki kwenye mambo yanayoweza kuhesabiwa: wagonjwa 24, wauguzi 2, makabidhiano yamefanyika mezani, si kitandani, chati haikusomwa na watu wawili pamoja. "Muuguzi alikuwa mzembe" haifai. "Muuguzi aliitwa 19:12 kwenye kitanda namba 6, mtoto akazaliwa 19:21" inafaa, kwa kuwa msimamizi anaweza kuamua jambo kutokana nayo, kwa mfano kwamba chati isainiwe pale kitandani kabla ya sinia la sindano kuondoka.

Usiku ule unafungwa kwenye faili hivi: "00:00. Pumzi 18, refleksi zipo, mkojo mililita 210 tangu 20:30. Hakuna degedege. Kalsiamu glukoneti haikuhitajika. Daktari amemwona mgonjwa na kuagiza dozi ya kuendeleza itolewe sasa. Gramu 5, tako la kulia, 00:05. Chati imesainiwa 00:06."

Asanteni. Nani ana swali?