Hashtegi Ngapi Zinatosha Chini ya Video Fupi

Habari za jioni. Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine mnawahi matatu za Rongai: hashtegi tatu. Nne zikibidi. Tano ndiyo dari, na sasa dari hiyo si ya mjadala: Instagram, iliyoruhusu 30 kwa miaka mingi, imeshusha hadi 5, na TikTok nayo imesimama hapo hapo.

Lakini hata tano zinaweza kunuka spamu. Tuseme dada anauza suruali za jinzi Gikomba. Amerekodi video ya sekunde 20, kisha chini yake akaandika:

```
Mzigo mpya #fyp #viral #kenya #nairobi #love
```

Hajavuka kikomo, lakini maneno ni mawili na hashtegi ni tano. Anayepita haambiwi bei wala saizi, anaona mtu anayepiga kelele tu. #fyp hubandikwa kwenye video za vichekesho, mahubiri, mapishi na mpira, kwa hiyo haimwambii mnunuzi wala mfumo kwamba hapa kuna jinzi. Na #love? Sijui inapenda nini hapo.

Tuiandike upya:

```
Jinzi za kiuno cha juu, saizi 28 hadi 36, bob 600. Tuko Gikomba hadi Jumamosi. #jeans #mitumbanairobi #gikomba
```

Sasa sentensi ndiyo inayobeba mzigo. Kwanza hutazamwa mstari mmoja au miwili tu kabla maelezo hayajakunjwa, ndiyo sababu bei iko mbele na hashtegi ziko mkiani. Halafu kila hashtegi ina kazi yake: moja inataja bidhaa kwa neno ambalo mnunuzi huandika anapotafuta, ya pili inataja biashara na mji, ya tatu soko. Ukiongeza #mitumba na #mitumbakenya, umerudia jambo lile lile mara tatu, na kurudia huko ndiko kunakochosha jicho kuliko hesabu yenyewe.

YouTube ina tabia yake. Ukipitisha hashtegi 60, inazipuuza zote. Na kama hukuweka hashtegi kwenye kichwa, hadi tatu kati ya zile za kwenye maelezo huonyeshwa karibu nacho.

Jihadharini pia na king'ong'o chetu. Ukiandika #Lang'ata, kiungo hukatika kwenye ile alama ya juu na unabaki na #Lang, ambayo haina uhusiano wowote na mtaa wako. Andika #Langata. Nafasi na kistari navyo hukata vivyo hivyo.

Kabla hujaposti, fungua kila hashtegi utazame video kumi za kwanza. Ukigusa #gikomba ukakuta habari za moto wa soko tu, wateja wako hawako hapo. Badilisha iwe #mitumbagikomba, uangalie tena.