Debiti na krediti zikikataa kulingana, tofauti yenyewe inakuambia kosa liko wapi

Haya jamani, tukae tuanze. Leo nataka tushike kitu kimoja tu, ingizo la jarida, tulikague kabla halijaenda kwenye leja. Kanuni mnaijua wote, jumla ya debiti lazima iwe sawa na jumla ya krediti, hilo sirudii. Ninachotaka mkijue ni pale zinapokataa kulingana, manake hapo ndipo watu wengi wanaanza kukisia.

Tuchukue mishahara, kwa sababu hili ingizo lina mistari mingi na ndo linawasumbua watu kila mwisho wa mwezi. Mshahara ghafi ni 50,000, hiyo unadebiti gharama za mishahara. Afu unakrediti vitu vitatu: kodi ya kulipa 6,400, pensheni ya kulipa 5,000, na benki 38,600, ambazo ndo pesa wafanyakazi wanazozipokea mkononi. Jumlisha upande wa krediti, 6,400 na 5,000 ni 11,400, ongeza 38,600, unapata 50,000. Imekaa.

Lakini angalieni nilivyofanya: nimejumlisha upande wa krediti peke yake, tarakimu kwa tarakimu, sikuchukua 50,000 nikatoa kodi na pensheni ili nipate benki. Ukiipata benki kwa kutoa, hujakagua chochote, umelazimisha tu jibu litoke. Ile 38,600 itoke kwenye orodha ya malipo iliyoenda benki, ndipo kulingana kwake kuwe na maana.

Sasa tuseme umejumlisha ukapata debiti 55,000 na krediti 45,000. Tofauti ni 10,000. Usianze kupekua kila karatasi, kwanza gawa kwa 2, unapata 5,000, afu tafuta kwenye ingizo kama kuna mstari wa 5,000. Upo, pensheni, na ukitazama umeiweka upande wa debiti. Kiasi kikikaa upande usio wake kinaupunguza upande mmoja na kuuongeza mwingine, ndo maana tofauti inakuwa mara mbili ya kiasi chenyewe.

Mara nyingine debiti ni 50,000 na krediti 48,200, tofauti 1,800. Nusu yake ni 900 na hakuna mstari wa 900 hapa, basi jaribu kugawa kwa 9: unapata 200, bila baki. Hapo shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Hiyo 200 inakuambia zaidi kidogo, kwamba zimebadilishana tarakimu za maelfu na mamia, na zimepishana kwa 2, kwa hiyo unatafuta namba ambayo elfu zake na mia zake zimepishana hivyo. Benki imeandikwa 36,800 badala ya 38,600, sita na nane zimegeuzwa. Sababu ya 9 ni hesabu tu, ukigeuza tarakimu mbili zinazopakana tofauti lazima igawanyike kwa 9. Ila kuna jambo: sifuri iliyodondoka nayo inatoa hivyohivyo, kodi ya 6,400 ikiandikwa 640 tofauti ni 5,760, na hiyo ni 9 mara 640. Kwa hiyo 9 inakuonyesha aina ya kosa, mstari bado unautafuta kwa macho.

Wanaotumia eksel, niliwahi kukaa karibu nusu siku nzima na ingizo ambalo kwenye karatasi lilikuwa sawa kabisa na kwenye skrini likakataa, kumbe namba moja ilibandikwa kama maandishi, na SUM inairuka bila kukuonya. Ishara yake ni kwamba mara nyingi inaegemea kushoto mwa seli wakati namba nyingine zinaegemea kulia. Na kama kuna senti, usilinganishe jumla moja kwa moja, tumia:

```
=ROUND(SUM(B2:B5)-SUM(C2:C5),2)=0
```

Hapo B ni debiti na C ni krediti, ikitoka TRUE zimelingana.

Kitu ninachowaomba kwa dhati, msiweke mstari wa kufidia tofauti ili jumla zikae. Nimeona mstari wa hivyo, ile 1,800 ikiandikwa kuwa gharama nyinginezo, afu taarifa ya benki inakuja inaonyesha 38,600 na hakuna anayekumbuka 1,800 ilitoka wapi.

Na jumla zikilingana mjue zimethibitisha nini. Ingizo letu ukilidebiti akaunti ya ukarabati badala ya mishahara, bado ni 50,000 kwa 50,000. Ukiandika 5,000 kila sehemu palipopaswa kuwa 50,000, na krediti nazo ukazipunguza hivyohivyo, bado zinalingana. Ukisahau kuliandika kabisa, hakuna jumla itakayolalamika. Kwa hayo unarudi kwenye karatasi za malipo, unasoma jina la akaunti na kiasi kimoja kimoja, kalamu mkononi, unatia alama kila mstari ulioulinganisha na karatasi yake.