Shangazi Alisimama Mara Mbili

Mhadhara kwa vijana wapiga picha, Goma

Wazazi wangu, ndugu zangu, vijana wenzangu wa kamera, asanteni kwa kufika. Mliniomba nieleze kazi ya kumwingiza mtu katika picha ambayo hakuwepo ilipopigwa. Nitaisimulia kwa picha moja tu, ya familia yetu, kwa sababu ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Ilikuwa Januari 2024. Koko, mama yake baba, alitaka watoto na wajukuu wote wasimame naye mara moja mbele ya nyumba yake ya mbao, juu ya mawe ya volkano ya 2002 ambayo sisi tuliyasawazisha kwa nyundo mpaka yakawa uwanja. Tukapanga siku, shangazi akashona kitenge, wajomba wakaja. Aliyekosekana ni mmoja: mtoto wa shangazi, binamu yangu, kuze kama tunavyosema hapa. Alikuwa anatoka Bukavu, na masua aliyopanda ikaharibika mashine katikati ya ziwa. Jua halingoji mtu. Saa kumi jioni nikapiga. Yeye akafika saa mbili usiku, watoto wamelala, wajomba wamekwisha kuondoka.

Picha ikatundikwa ukutani. Kila mgeni akiingia, koko anawataja watu kwa kidole, kuanzia kushoto. Akifika mwisho kulia, pembeni ya shangazi, palipobaki nafasi ya mtu mmoja hivi, kidole kinasimama. Hasemi kitu. Nimekiona kidole hicho kikisimama pale pengine mara kumi.

Mwezi wa tano nikafanya kosa ambalo wengi wenu mtalifanya. Nilikuwa na picha ya kuze ya siku ya harusi ya rafiki yake, iliyotumwa kwa simu. Nikamkata, nikamweka pale pembeni. Nikaitazama na moyo ukakataa. Uso wake ulikuwa umepigwa flashi kutoka mbele, hauna kivuli hata chini ya pua, wakati sisi wote tuna jua upande mmoja wa uso. Aliyempiga alikuwa ameinama, kwa hiyo kuze anaonekana kutoka chini, kidevu mbele, na sisi tunaonekana kutoka kimo cha kifua. Tena picha ikipita kwenye simu hupunguzwa: nilipomkuza alingane na shangazi, nywele zake zikawa kama zimepakwa kwa brashi.

Lakini kosa kubwa lilikuwa jingine. Sikumwuliza mwenyewe. Nikafuta lile jaribio, nikampigia Bukavu.

"Kuze," nikamwambia, "nataka kukuingiza katika picha ya koko. Unakubali?"

Alinyamaza, nikasikia pikipiki zikipita kwake. Kisha akasema, "Mimi siku ile sikuwepo. Watu wanajua sikuwepo. Utawaambia nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na nawaomba mlitie kichwani kabla hata ya kufungua mashine. Tukazungumza karibu saa nzima. Mwishoni akakubali, ila kwa mambo yake. Asisimame karibu na koko, maana hapo ni mahali pa wajomba. Asimame kwa mama yake. Apigwe upya, kwa nguo zake za sasa. Picha ya kwanza ibaki ukutani kama ilivyo, isitolewe. Nyuma ya ile mpya aandike yeye mwenyewe kwamba aliingizwa baadaye. Na akishaiona, awe na haki ya kusema hapana. Baada ya hapo nikamwendea koko, kisha shangazi, kwa sababu na sura zao zimo humo. Wote walisema ndiyo.

Sasa tuje kwenye jua. Sisi hapa Goma tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mtu anadhani jua la Januari na la Juni ni moja. Kwa urefu ni karibu moja. Saa kumi jioni, Januari au Juni, jua liko kama nyuzi 30 juu ya ardhi, na kivuli cha mtu ni karibu mara mbili ya kimo chake. Kinachobadilika ni upande. Januari jua la jioni linaegemea kusini, upande wa ziwa. Juni linaegemea kaskazini, upande wa Nyiragongo. Tofauti saa kumi ni karibu nyuzi 50, zaidi ya nusu ya pembe ya mraba.

Nyumba ya koko inatazama ziwa. Siku ile sisi tulisimama tukitazama kusini, jua likatupiga ubavuni na kidogo mbele: uso una mwanga upande mmoja, na kivuli cha pua kinalala kwenye shavu la pili. Kuze alipokuja Juni, nilimsimamisha mahali palepale, saa ileile, ili nione. Jua likampiga kisogoni. Uso ukawa giza, masikio yakawaka mekundu. Ningempiga hivyo, hakuna mkono wa fundi ungemsaidia baadaye, kwa sababu unaweza kuongeza mwanga lakini huwezi kuhamisha upande unaotoka.

Basi tukaacha kufuata nyumba, tukafuata jua. Nilimgeuza kuze kuelekea magharibi, na mimi na kamera nikazunguka naye, mpaka mbele yangu akaja kuwa na jua upande uleule wa Januari. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa choo na kamba ya nguo, lakini hilo halina shida, mtu anakatwa. Nilijuaje kwamba nimefika? Nilishika picha ya Januari mkononi, nikatazama pua ya shangazi. Kivuli cha pua yake kilifika kwenye mkunjo wa shavu, hakikuvuka. Nikamwambia kuze ageuke kidogo kidogo mpaka cha kwake kikafika hapohapo. Hicho ni kipimo ambacho hakihitaji chombo.

Na hapa ndipo shangazi alipoifanya kazi yote iwezekane. Nilimwomba avae kitenge kilekile, asimame tena upande wake wa kushoto wa picha, kimo cha bega kwa bega na mwanawe, kama alivyosimama Januari. Akauliza kwa nini, wakati yeye yumo tayari. Nikamweleza hivi: jua linatoka kushoto, na yeye yuko kushoto kwa mwanawe, kwa hiyo kivuli chake lazima kimwangukie. Na kweli, kitambaa chake cha kichwa kiliweka kivuli juu ya mkono wa kulia wa kuze, chini kidogo ya bega. Rangi ya machungwa ya kitenge nayo ikarudi kwenye shati lake jeupe, ikaacha joto kidogo kwenye mkono. Vitu kama hivyo ukijaribu kuvichora, jicho la mtu linajua bila kujua sababu.

Kitu kimoja nilimkatalia, na kiliniuma. Alitaka kumshika mwanawe mkono. Januari mkono wake ulikuwa unaning'inia, na huo ndio utakaobaki. Wakasimama bila kugusana.

Nilisimama kama hatua sita kutoka kwao, umbali uleule wa kwanza, kwa lenzi ileile ya milimita 50, kamera ikiwa kwenye kifua changu. Umbali ndio unaotengeneza sura, pua kuwa kubwa au masikio kupotea, kwa hiyo msije mkakaribia mkidhani mtapunguza baadaye. Nikapiga kumi na mbili, tukachagua moja ambayo hacheki sana.

Kwenye mashine niliifungua ya Januari katika programu ya GIMP, nikaiweka ya Juni juu yake kama tabaka la pili, nikaifanya ionekane nusu. Sasa nilikuwa na shangazi wawili. Nikalivuta tabaka la juu, nikalipunguza, mpaka shangazi wa Juni akamkalia shangazi wa Januari: kitambaa juu ya kitambaa, pindo juu ya pindo. Akishalingana yeye, mwanawe amekwisha kulingana, huhitaji kukisia kimo. Rangi vilevile. Juni ni kiangazi, vumbi liko hewani, picha ilikuwa ya njano zaidi. Nikarekebisha mpaka maua meupe ya kitenge yakawa sawa kwenye zote mbili, nikaacha kugusa. Ndipo nikatumia `Layer > Mask > Add Layer Mask`, nikaficha kila kitu cha Juni isipokuwa kuze, pamoja na kile kivuli kwenye mkono wake.

Miguu ilinichelewesha siku mbili. Ardhi yetu nyeusi haionyeshi kivuli vizuri, na mtu anaweza kudhani hakihitajiki. Nikamweka bila kivuli, akaelea. Mawe ya volkano yana vimetameta vidogo vinavyoshika jua, na chini ya watu wengine wote vimetameta vile vilikuwa vimezimika. Kwa hiyo nikaongeza tabaka la `Multiply`, linalotia giza kilicho chini yake, nikavizima taratibu kuelekea kulia, nyeusi kabisa pale soli inapogusa jiwe, na kufifia kadiri inavyoenda mbali. Akatua.

Nikampelekea kuze kabla ya mtu mwingine yeyote. Alipiga simu usiku. Sauti yake haikuwa nzuri.

"Kovu langu liko wapi?"

Ana kovu juu ya jicho, alianguka na chukudu akiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimelisafisha, kwa mazoea ya kazi, kama ninavyosafisha chunusi za maharusi. Sikulifikiria hata dakika moja.

"Uliniomba niingie mimi," akasema. "Huyo si mimi. Nilikubali picha, sikukubali hilo."

Alikuwa na haki, nikamwomba msamaha. Kulirudisha ilikuwa kazi ya dakika tano, kwa sababu nilikuwa sijagusa picha yenyewe ya Juni, nilifanyia kazi tabaka jingine juu yake tu. Msifute kamwe cha chini. Alipoiona tena akasema, "Sasa ndiyo. Ichapishe."

Tuliichapisha kwa sentimita 30 kwa 40, sawa na ya kwanza. Kuze akaja kwa masua ya asubuhi, akaandika nyuma kwa kalamu: "Sikuwepo Januari. Niliingizwa Juni 2024, nikiwa nimekubali." Akaweka jina lake. Tukazitundika mbili, moja chini ya nyingine.

Koko alisogeza kiti. Akaanza kutaja kushoto, baba mkubwa, mke wake, watoto, kidole kinatembea, akafika kwa shangazi, akapita, akamtaja kuze kwa jina la utoto ambalo hakuna mwingine analitumia. Kisha akarudi nyuma kidogo, kwenye nafasi kati ya mkono wa shangazi na mkono wa mwanawe.

"Kwa nini hawashikani?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya mkono. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaita wote wawili waje wasimame mlangoni, akaniambia nikalete kamera.