Gari bei rahisi, bima ghali: nawajibu mlioko Unguja na Pemba

Asalaam aleikum ndugu zangu. Swali ni lile lile kila siku: "Gari umenunua rahisi, mbona bima Uingereza inakushinda?" Sijisifu wala silalamiki, nalijibu kwa sababu vijana wanaofika huku linawaumiza.

Huko nyumbani bima kubwa hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Huku thamani ni jambo moja tu kati ya mengi. Magari mengi ya mitumba yamepangwa kwenye makundi, 1 hadi 50, na kadiri namba inavyopanda ndivyo bima inavyopanda. Wanaopanga huangalia bei ya spea, saa za fundi, mwendo wa gari na ugumu wa kuliiba. Chukua kioo cha mbele chenye kamera nyuma yake. Kikipasuka, kubadilisha kioo hakutoshi. Kamera nayo lazima ipimwe upya ili isome barabara sawasawa, na hiyo ni kazi ya pesa. Ndiyo maana Golf ya lita 1.0 na Golf GTI ya lita 2.0, za mwaka mmoja, zinakuwa mbali kabisa kibima. Kwa hiyo usiulize "bima ya Golf ni ngapi". Uliza ya gari lile lile unalolitaka.

Hilo linawezekana kabla hujalipa hata arubuni. Tangazo la gari mara nyingi huonesha namba ya pleti. Ichukue, iingize kwenye tovuti ya kulinganisha bima, ujaze kwa ukweli anwani, kazi, leseni na maili za mwaka. Bei ikitoka, badilisha pleti tu, mengine yote yaache kama yalivyo, hata tarehe ya kuanza. Ukigusa vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilichopandisha bei.

Halafu tazama eksesi, yaani pesa unayobeba mwenyewe ukidai. Hapa ndipo watu wanapotegwa, na linaniudhi sana. Tuseme kampuni moja inataka pauni 700, eksesi 250. Nyingine 640, eksesi 600. Ya pili inakuokolea 60 kwa mwaka, lakini ukigonga unatoa 350 zaidi. Ukae karibu miaka sita bila kudai ndipo zirudi. Linganisha eksesi zikiwa sawa, na malipo ya mwaka mzima, kwa sababu ya mwezi mwezi mara nyingi yana riba.

Na tafadhali, msimwandikishe baba kuwa dereva mkuu ilhali gari anaendesha mtoto. Bei itashuka kweli, lakini ni udanganyifu, na kampuni inaweza kuifuta bima siku ya ajali.

Bei zangu msizifuate. Hata jirani wa mtaa wa pili, mwenye gari kama langu, anaweza kupewa bei nyingine kwa sababu ya anwani tu. Ingizeni pleti zenu.