Siku 28: kifafa, valproati na mimba ambayo bado haijajulikana

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya vikundi vya akina mama na wahudumu wa zahanati)

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za mchana. Naona akina mama mmekaa mbele na wauguzi mko nyuma kule. Leo nitasema na wote kwa pamoja, kwa sababu jambo hili huharibikia pale katikati, kati ya nyumbani na zahanati.

Nitazungumzia dawa moja tu, sodiamu valproati, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya kifafa. Mgonjwa nitakayemtaja nimemjenga kutokana na wagonjwa kadhaa niliowahudumia, ili asitambulike mtu. Ana miaka 23, anatoka Kibosho, anauza ndizi sokoni. Anameza miligramu 500 asubuhi na 500 jioni, na ana miaka 2 hajaanguka. Naomba msiisahau hiyo miaka 2. Ndiyo iliyomwezesha kubeba mkungu kichwani bila hofu na kupika peke yake.

Sasa tuhesabu. Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi. Mimba ikatunga karibu na tarehe 15. Tarehe 29 Machi alitegemea hedhi, haikuja, naye akadhani ni uchovu wa masika. Ilipofika tarehe 12 Aprili, siku 28 tangu mimba kutunga, uti wa mgongo wa mtoto ulikuwa umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Mama mwenyewe alikuwa amechelewa hedhi wiki 2 tu. Kliniki alikuja tarehe 7 Juni, mimba ikiwa na wiki 14 ukihesabu tangu hedhi ya mwisho.

Mkitaka kuona kinachotokea humo ndani, fikirini jani la mgomba lililolazwa mezani. Ubongo na uti wa mgongo huanza hivyo, kama utando bapa. Kisha kingo mbili huinuka, hukutana na kushikana, zikianzia sehemu ya shingoni na kuendelea kufunga kuelekea kichwani na kiunoni, mpaka linakuwa bomba. Upande wa kichwa hufunga karibu siku ya 25, na upande wa kiuno siku 2 au 3 baadaye. Kiuno kisipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani pia. Valproati huvuruga jinsi mwili unavyotumia foleti, vitamini inayosaidia bomba hilo kufunga, na huwasha na kuzima jeni kwa wakati usio wake, wakati kingo zile zinatafutana.

Ndiyo maana tunauliza dawa ilimezwa lini kabla hatujauliza ni dawa gani. Katika wiki 2 za kwanza tangu mimba kutunga, madhara makubwa kwa kawaida huitoa mimba, au mimba hujirekebisha ikaendelea. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8 viungo vinaumbwa: moyo, mikono, miguu, kaakaa. Kila kiungo kina siku zake, na zikishapita dawa haiwezi kuurudisha mgongo uliofunga ukawa wazi. Ubongo peke yake hauna mwisho huo. Unaendelea kujengwa miezi yote 9, na valproati inaweza kuugusa wakati wowote.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Katika watoto 100 wa akina mama wasiotumia dawa yoyote, 2 au 3 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Mama akitumia valproati, ni kama 10. Akizidisha miligramu 1,450 kwa siku, wanakaribia 25. Kwa lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, ni karibu 3, sawasawa na wengine. Tena kati ya watoto 100 waliokutana na valproati tumboni, 30 hadi 40 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza, hata kama mwili wao hauna kasoro. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema valproati isiandikiwe wanawake na wasichana wanaoweza kupata mimba.

Turudi kwa binti yetu. Jirani, kwa nia njema kabisa, alimwambia dawa ile inalemaza watoto. Akaiacha siku hiyo hiyo. Siku ya 4 alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye mafiga, na kabla hajazinduka degedege la pili likaanza, kisha la tatu. Degedege likizidi dakika 5, au likifuatana bila mtu kuzinduka, ni dharura: mama hukosa hewa, na mtoto naye hukosa. Alifika hospitali, akachomwa dayazepamu kwenye mshipa, akapona na kovu la moto mkononi.

Hapa nataka wauguzi wanisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo mizani inapimwa kweli. Wiki ya 14, hatari ya mgongo wazi ilishapita miezi 2 nyuma. Kuiacha valproati ghafla hakukumwokoa mtoto na jambo hilo. Kilichobaki kupunguzwa ni hatari ya ubongo, na upande wa pili wa mizani kulikuwa na degedege linaloweza kuwaua wote wawili. Lamotrijini isingesaidia siku ile, kwa sababu hupandishwa pole pole kwa wiki nyingi. Ukiiharakisha, hasa ikiwa pamoja na valproati, ngozi inaweza kubabuka vibaya. Levetirasitamu, nayo dawa ya kifafa, huanza kazi upesi zaidi, lakini haikuwepo. Basi alirudishiwa valproati, dozi ikagawanywa mara 3 kwa siku, na wiki ya 20 akapigwa ultrasaundi ya mgongo na moyo. Mgongo ulikuwa umefunga.

Mtoto alizaliwa mzima wa mwili. Alipofika miaka 2 alikuwa na maneno machache mno. Siwezi kuapa kwamba ni dawa, kwa kuwa wapo watoto wanaochelewa bila sababu hiyo. Lakini bibi yake aliniuliza mbona hatukusema mapema, na swali hilo sikuwa na jibu lake.

Mapema maana yake ni kabla ya mimba, siku anapoandikiwa dawa akiwa msichana. Vile vidonge vya kuongeza damu tunavyogawa kliniki vina asidi ya foliki kidogo, ndiyo foleti ya vidonge, na mama akivianza wiki ya 14 vimeshachelewa kwa mgongo. Mwanamke mwenye kifafa huandikiwa miligramu 5 kwa siku, aanze miezi kadhaa kabla hajashika mimba. Hata hivyo, asidi ya foliki haifuti hatari ya valproati. Msimpe mtu kidonge hicho mkadhani mmemaliza kazi.

Kwa mimba ya pili tulikaa naye mapema. Alitumia uzazi wa mpango huku tukimhamishia kwenye lamotrijini kwa miezi kadhaa, na valproati ikipunguzwa hatua kwa hatua. Alianguka mara 2 katika kipindi hicho. Wifi yake alikuwa akilala naye, na kupika walisaidiana. Alipokaa miezi 6 bila kuanguka, akaacha uzazi wa mpango, akiwa tayari kwenye asidi ya foliki. Mimba ilipoingia, mwili wake ulianza kuitoa lamotrijini haraka kuliko kawaida, kama inavyotokea kwa wajawazito wengi, na akaanza kushtukashtuka asubuhi. Dozi ikapandishwa mara 2. Alipojifungua tulianza kuishusha ndani ya siku chache, kwa sababu baada ya kujifungua mwili hurudia mwendo wake wa zamani na dawa ile ile inakuwa nyingi kupita kiasi: kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba. Mama anayeyumba akiwa amembeba mtoto mchanga hafai kuachwa arudi kliniki baada ya wiki 6. Yeye tulimwona siku ya 5.