Duara wazi au duara lililojazwa? Kuchora majibu kwenye mstari wa namba

Swali letu leo ni hili: 5 − 2x < 11. Chukua rula na penseli, tutafute x kisha tuichore.

Toa 5 pande zote mbili, inabaki −2x < 6. Sasa tunagawanya kwa −2. Ukigawanya kwa namba hasi, alama inageuka, kwa hiyo tunapata x > −3. Hapa ndipo wengi hupotea: huacha alama ilivyokuwa, na mchoro wote ukaelekea upande usio wake.

Chora mstari wenye mishale ncha zote mbili. Weka namba kuanzia −5 hadi 3, nafasi zilingane. Simama kwenye −3, ujiulize: hii yenyewe imo kwenye majibu? Ijaribu kwenye swali la mwanzo, maana jibu ulilolipata huenda lina kosa. 5 − 2(−3) ni 11. Je, 11 ni ndogo kuliko 11? Hapana. Basi −3 haimo. Juu yake chora duara dogo, ndani uliache tupu.

Mtu atauliza: kama −3 haimo, kwa nini tusianzie −2 na kujaza duara hapo? Kwa sababu −2.5 imo. −2.9 imo pia, hata −2.999. Huwezi kuitaja namba ya kwanza baada ya −3, kwani yoyote utakayoitaja, ipo nyingine iliyo karibu zaidi na −3. Duara wazi linasema hivi: majibu yanafika hadi mlangoni pa −3, ila yenyewe imebaki nje.

Kutoka kwenye duara, koleza mstari kwenda kulia, umalizie na mshale. Hakikisha kwa namba mbili. Weka 0: 5 ni ndogo kuliko 11, kweli, na 0 iko upande uliokolezwa. Weka −4: unapata 13, si kweli, na −4 iko nje. Mchoro uko sawa.

Tubadilishe kidogo: 5 − 2x ≤ 11. Hesabu ni ileile, lakini sasa 11 inaruhusiwa kuwa sawa na 11, kwa hiyo −3 imo. Jaza duara. Hakuna kingine kinachobadilika.

Na ukipewa −3 < x ≤ 2? Duara wazi kwenye −3, lililojazwa kwenye 2, ukoleze katikati yake. Usiweke mshale, majibu yanaishia hapo.

Ila soma swali vizuri. Likisema x ni namba kamili, usikoleze mstari kabisa: weka nukta tano tu, kwenye −2, −1, 0, 1 na 2.