Risiti ya Dola 60: wimbo wako ukiimbwa na mwingine, pesa inapita wapi?

(Mhadhara kwa watunzi na wanakwaya, Kamalondo, Lubumbashi)

Ba papa, ba mama, ndugu wanamuziki, jambo yenu. Nimekuja na karatasi moja tu. Ni ya zamani, imekunjwa mara nne, na wino umeanza kufifia. Nawasomea yote, maana ni mistari miwili: "Nimepokea dola 60 za wimbo. Sina deni naye." Chini kuna sahihi yangu, ya mwaka 2003. Aliyenipa pesa hizo alikuwa produsa, na jina lake tuliache. Siku ile nilitoka studio nikiwa na furaha, nikanunua mfuko wa unga, na mabaki nikampa mama watoto.

Leo nataka tuisome risiti hii neno kwa neno, maana ubaya wake wote uko ndani ya neno moja: "wimbo". Niliuza wimbo gani?

Ndani ya kila wimbo unaousikia redioni mna vitu viwili, na kila kimoja kina mwenyewe. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, ile unayoweza kuipiga mluzi ukiwa unaoga. Halafu kuna rekodi, yaani siku moja maalum ambapo watu fulani waliingia studio, wakapiga, na fundi akahifadhi. Tunaita masta. Utunzi ni mmoja. Masta zinaweza kuwa mia. Kila mtu anayeurudia wimbo wako, ile tunayoita hapa reprizi, anazaa masta mpya ambayo ni yake, lakini utunzi ulio ndani bado ni wako. Anaweza kubadili gita, akaweka ngoma za kompyuta, akaimba vizuri kukushinda. Sawa. Amejenga nyumba yake, lakini kiwanja ni chako.

Sasa rudi kwenye risiti. Kama mimi nilipokea dola 60 za kupiga gita siku ile, basi nimelipwa kazi ya masta na hatudaiani. Kama nilipokea dola 60 za utunzi, basi nimempa mtu mwingine kiwanja pamoja na kodi ya kila atakayejenga juu yake mpaka mwisho. Risiti haisemi. Na neno "wimbo" lisiposema, mwenye wakili ndiye analifasiri.

Tuone kodi hiyo inakuja kwa njia gani. Njia kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni ya nakala. Kila mara utunzi wako unaponakiliwa, kwenye disiki, kwenye faili la kupakua, kwenye usikilizaji wa mtandaoni, anayenakili anamlipa mtunzi. Marekani kiwango cha kupakua na disiki kimewekwa na serikali, kwa hiyo tunaweza kupiga hesabu bila kubahatisha. Tangu 1909 mpaka 1977 kilikuwa senti 2 kwa nakala, hakikusogea miaka yote hiyo. Mwaka 2024 kilikuwa senti 12.4 kwa wimbo usiozidi dakika tano.

Chukua mwimbaji aliyehamia nje, amerudia wimbo ulioandikwa na watu wawili wa Katuba, nusu kwa nusu. Ameuza nakala 1,000 za kupakua kule Marekani mwaka huo. 1,000 mara senti 12.4 ni dola 124. Hawa wawili wana mtu anayewasimamia nyimbo, yule tunayemwita editeri, na kontra yao inampa robo. Robo ya 124 ni dola 31. Zinabaki 93, kila mtunzi anachukua 46.50. Angalieni kitu kimoja: jina la mwimbaji halimo ndani ya hesabu hii hata kidogo. Yeye analipwa upande wa masta, kwa mauzo yenyewe. Hakuibii chochote kwa kuimba, na wewe humwibii kwa kudai.

Kwenye usikilizaji wa mtandaoni hakuna senti maalum kwa kila anayesikiliza. Kule Marekani upande wa watunzi wote kwa pamoja unahesabiwa kwenye kidogo zaidi ya 15% ya mapato ya jukwaa, halafu inagawanywa kufuatana na nyimbo zilizosikilizwa. Upande wa masta unachukua sehemu kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Ndiyo sababu mwimbaji wa reprizi anaweza kuonekana na gari, na mtunzi akaonekana na baiskeli, bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Njia ya pili ni ya hadhara: redio, televisheni, baa, tamasha. Hapa mwenye baa au mwenye redio ndiye anayelipa, na analipa kwenye shirika la watunzi. Kwetu ni SOCODA, yenye makao Kinshasa. Ubelgiji ni SABAM, Ufaransa ni SACEM. Wimbo wako ukipigwa redioni Brussels, SABAM inakusanya, kisha inatuma kwa shirika lako kufuatana na mapatano kati yao. Kama huna shirika, haina pa kutuma. Na hakuna anayekukataza kujiunga na shirika la nje. Wakongomani wengi wako SACEM.

Nimefika mahali pa maumivu yangu. Miaka michache iliyopita mpwa wangu alinipigia simu: "Nonkro, wimbo wako uko kwenye simu, kuna dada anauimba, watu wanacheza." Nikasikiliza. Alikuwa ameuimba vizuri, siwezi kusema uongo. Mpwa akafungua sehemu inayoonyesha majina ya waliohusika. Mwimbaji, jina lake. Fundi, jina lake. Mtunzi: "wimbo wa asili".

Mimi niko hai, nakula bukari kila siku, na tayari nimekuwa mababu!

Msicheke sana, maana ile si dharau tu. Ni jambo la pesa. Yule dada alipopeleka rekodi yake kwa msambazaji wa mtandaoni, fomu ilimuuliza: mtunzi ni nani? Yeye aliusikia kwa shangazi yake kwenye harusi, akaamini ni wa kale. Ukiandika "asili", umeuambia mfumo kwamba kiwanja hakina mwenyewe. Tena yeyote anaweza kujiandikisha kama mpangaji wa muziki wa wimbo huo wa asili, na akaanza kupokea sehemu ya mtunzi.

Jambo hili lina mfano mkubwa, na ni wa jirani zetu. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi "Mbube" huko Johannesburg mwaka 1939. Kikundi cha Marekani, The Weavers, kikaurudia mapema miaka ya 1950 kwa jina la "Wimoweh", na kwenye nafasi ya mtunzi likawekwa jina la bandia, Paul Campbell, lililotumiwa na kikundi chenyewe kwa nyimbo walizohesabu kuwa za asili. Wimbo haukuwa wa asili. Mtunzi alikuwa hai, anafanya kazi kwenye ghala la kampuni ya disiki. Mwaka 1952 Linda alitia sahihi kuachia haki zake kwa shilingi 10. Hapo mnaona dola zangu 60 zina ukoo. Mwaka 1961 kikundi kingine, The Tokens, kikaimba maneno mapya ya Kiingereza juu ya sauti ile ile, wimbo ule wa simba aliyelala, na dunia nzima ikauimba. Linda akafa 1962, maskini.

Kilichookoa familia ni kifungu cha zamani cha sheria ya Waingereza ya 1911: haki zilizouzwa zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Kwa Linda hiyo ni 1987. Wanasheria wakakishika, wakaishtaki Disney huko Pretoria mwaka 2004 kwa sababu ya filamu ya simba, The Lion King, iliyotumia wimbo ule, na mwaka 2006 yakafikiwa mapatano: binti zake walipwe mirabaha ya nyuma na ya mbele. Lakini kifungu kile hakitufikii. Sisi hatukuwa koloni la Mwingereza. Sheria yetu ya 5 Aprili 1986 inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, lakini msiitegemee iwarudishie mlichokwisha kuuza kwa sahihi.

Basi nilifanya nini na yule dada? Sikumtukana. Nilimwandikia, nikamtumia kanda ya zamani yenye sauti yangu. Akajibu siku ile ile: "Papa, unisamehe, sikujua." Akarekebisha jina kwa msambazaji. Nilidhani yameisha. Hayakuisha, maana jina kwenye simu halilipi. Linalipa jina kwenye daftari la shirika. Utunzi unapoandikishwa, unapewa namba, ISWC, inayoanza na herufi T. Rekodi ina namba yake nyingine, ISRC. Pesa ya mtunzi inasafiri pale tu mtu anapounganisha namba hizo mbili: rekodi hii imebeba utunzi ule. Reprizi kumi ni ISRC kumi, zote zinatakiwa zifungwe kwenye ISWC moja. Isipofungwa, pesa inakaa ghalani bila jina. Mwaka 2021 shirika la Marekani linaloitwa The MLC lilipokea kutoka kwa majukwaa zaidi ya dola milioni 424 za namna hiyo, zilizokusanyika kwa sababu haikujulikana ni za nani.

Daftari ya MLC na ile ya ISWC zinatafutika bure mtandaoni. Andika jina la wimbo wako usiku huu. Jaribu na makosa ya tahajia pia, maana nyimbo zetu za Kiswahili zinaandikwa na watu wa Paris wanavyosikia. Wangu niliukuta na "u" moja imepotea, na nafasi ya mtunzi iko wazi.

Kuna mama wa kwaya ameinua mkono tangu mwanzo. Anauliza: sisi tunachukua wimbo wa Kilingala, tunautia Kiswahili, hiyo nayo ni reprizi?

Hapana, mama. Kuuimba kama ulivyo ni reprizi, na kwa kawaida shirika linaweza kuwapa ruhusa. Kubadili maneno ni kugusa kiwanja chenyewe, na hapo anayetoa ruhusa ni mtunzi au editeri wake. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali kwa sharti kwamba tafsiri yenu haiwapi fungu lolote, na wengi wanafanya hivyo. Mwombeni kabla ya studio, kwa maandishi. Mkiisha kuweka kwenye YouTube, mashine yao inatambua hata sauti ya wimbo iliyoimbwa na wengine, na mwenye utunzi aliyejiandikisha vizuri anaweza kuchukua pesa ya matangazo yote, au kuifunga video.

Na yule papa wa nyuma anauliza kama risiti yangu imekwisha kunifunga. Wakili niliyemwonyesha aliitazama muda mrefu, akaniuliza swali moja: "Siku ile ulipiga gita?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nenda ukamtafute aliyepiga besi, naye aseme alilipwa ngapi." Alikuwa amelipwa dola 60, na hakutunga hata neno moja. Sasa natafuta risiti yake.